"Alikula ardhi": kurekebisha tafsiri ya vitenzi vya Kiajemi vya maneno mawili

Ukikuta katika maandishi ya filamu ya Kiirani sentensi kama "mtoto alikula ardhi", jua kwamba mfasiri hakukosa msamiati. Kiajemi chake kilikuwa *bachche zamin khord*. Ni kweli kwamba *zamin* ni ardhi na *khordan* ni kula. Lakini maneno hayo mawili yakikaa pamoja ni kitenzi kimoja, na maana yake ni kuanguka. Mtoto alianguka, basi.

Kiajemi kina vitenzi vichache vya neno moja vinavyotumika kila siku. Mambo mengi husemwa kwa nomino, au kivumishi, kikifuatwa na kitenzi ambacho kimepungukiwa na maana yake ya asili: *kardan* (kufanya), *shodan* (kuwa), *dâdan* (kupa), *gereftan* (kuchukua), *zadan* (kupiga), *khordan* (kula), *keshidan* (kuvuta) na wenzao wachache. Hapa nitaviita vitenzi vyepesi. Nomino ndiyo hutaja tendo. Kitenzi chepesi hubeba wakati, nafsi na ukanushi, na zaidi ya hayo huonyesha tendo limeelekea wapi: nani ametenda na nani amepatwa.

Kazi hiyo ya mwisho Kiswahili huifanya kwa mnyambuliko: -isha, -ika, -wa, -ana. Kwa hiyo njia ninayoitetea katika mwongozo huu ni hii: mzizi wa kitenzi chako utoe kwenye nomino ya Kiajemi, na mwisho wake uutoe kwenye kitenzi chepesi. Karibu makosa yote yaliyo hapa chini hutokea pale mtu anapofanya kinyume chake. (Maneno ya Kiajemi nimeyaandika kwa herufi zetu. Â ni a ndefu. Kh, gh, sh na ch zisome kama za Kiswahili.)

Dalili: kila sentensi ina "fanya"

Mfano: "Reza alifanya daawa na ndugu yake, halafu akafanya safari kwenda Shiraz." Sentensi ya asili ni *Rezâ bâ barâdarash da'vâ kard, ba'd be Shirâz safar kard*.

Chanzo ni *kardan* kusomwa kama "fanya" kila inapojitokeza. Katika vitenzi hivi *kardan* haisemi lolote zaidi ya kwamba nomino iliyotangulia sasa ni tendo. *Safar kardan* ni kusafiri, *fekr kardan* ni kufikiri, *hesâb kardan* ni kuhesabu. Kiswahili nacho kilichukua nomino hizi kutoka Kiarabu, ila kikazifanya vitenzi moja kwa moja bila msaidizi, kwa hiyo ukikuta nomino unayoifahamu, jaribu kwanza kitenzi chake cha Kiswahili.

Neno *da'vâ*, hata hivyo, linafanana na "daawa" yetu ya mahakamani ilhali *da'vâ kardan* katika Kiajemi cha leo ni kugombana. Kinachokusaidia kulitambua ni kihusishi: *bâ barâdarash*, pamoja na ndugu yake. Ukiona *bâ* mbele ya mtu, na tendo ni la watu wawili kufanyiana, tafuta kitenzi chenye -ana. Reza aligombana na ndugu yake, kisha akasafiri kwenda Shiraz.

Nomino zinazofanana na zetu lakini zina tabia nyingine si chache. *Tamâshâ kardan* ni kutazama, wala hapana tamasha lolote. *Film tamâshâ kardim* ni "tulitazama filamu". *Sohbat kardan* ni kuzungumza, hata na mtu usiye na suhuba naye. *Harakat kardan* ni kuondoka au kusogea, na haina haraka ndani yake. *Ghatâr sâ'at-e hasht-e sobh harakat kard* ni "treni iliondoka saa mbili asubuhi". Angalia na saa pia, kwa sababu Wairani huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, na *hasht* yao ya asubuhi kwetu ni mbili. Nimeona maandishi ya filamu ambamo kitenzi kilikuwa sahihi na abiria wote wakachelewa treni.

Dalili: aliyetenda amekuwa aliyetendwa

Hili ndilo kosa baya kuliko yote, maana sentensi inatoka laini na msomaji hashuku kitu. Mwanafunzi anamwambia rafiki yake *diruz emtehân dâdam*. Mfasiri anaandika "jana nilitoa mtihani". Sentensi ni sanifu kabisa, lakini sasa mwanafunzi amegeuka mwalimu.

Katika Kiajemi anayekaa kwenye dawati na kujibu maswali ndiye "anayetoa" mtihani, kwa kuwa yeye ndiye anayekabidhi karatasi. Mwalimu ndiye "anayeuchukua": *ostâd az mâ emtehân gereft*, mwalimu alitutahini. Kiswahili kinaona jambo hilo kutoka upande wa pili, na ndiyo maana tafsiri ya moja kwa moja inapotosha. Ukiongeza *emtehân kardan* unapata tendo la tatu, kujaribu: *in kafsh râ emtehân kon*, jaribu kiatu hiki. Nomino moja, vitenzi vyepesi vitatu, na kwa Kiswahili mambo matatu tofauti: kufanya mtihani, kutahini, kujaribu.

Neno *yâd* (kumbukumbu) lina tabia ileile. *Yâd dâdan* ni kufundisha na *yâd gereftan* ni kujifunza. Hapa mwelekeo unalingana na wetu, anayetoa ndiye mwalimu, jambo linalothibitisha kwamba huwezi kukariri kuwa *dâdan* daima ni upande fulani. Njia ya kuhakikisha ni kutafuta jozi. Ukikuta nomino ina *dâdan*, itafute kamusini ikiwa na *gereftan* au *khordan*, uone nani yuko upande wa pili. Kamusi nyingi za Kiajemi huviweka vitenzi hivi chini ya nomino, hivyo utaviona vyote mahali pamoja. Ukianza kutafuta kwenye *dâdan* utazama.

*Khordan* inastahili kuangaliwa peke yake, kwa sababu mara nyingi ndiyo njia ya Kiajemi ya kusema mtu amepatwa na jambo. *Shekast dâdan* ni kushinda mtu, *shekast khordan* ni kushindwa. *Gol zadan* ni kufunga bao, *gol khordan* ni kufungwa. *Takân dâdan* ni kutikisa, *takân khordan* ni kutikisika. *Ghasam khordan* ni kuapa, *ghasam dâdan* ni kuapisha. Sisi wenyewe tunasema kula kiapo, kula kipigo na kula rushwa, kwa hiyo mantiki yake si ngeni kwetu. Ugeni uko kwenye namna mtendaji anavyotajwa.

Chukua watani wa jadi wa Tehran: *Esteghlâl az Perspolis shekast khord*. *Az* kwa kawaida ni "kutoka", na ndiyo sababu mtu huandika "Esteghlal ilishindwa kutoka kwa Persepolis". Baada ya *khordan* ya namna hii, *az* ni ile "na" yetu ya mtendaji: Esteghlal ilifungwa na Persepolis. Mpira ukiwa ndio mada, "fungwa" hukaa vizuri kuliko "shindwa", kwa sababu "shindwa" yaweza pia kueleweka kama kushindwa kufanya jambo.

Mtego mkali zaidi ni *gul*, hila. *Gul zadan* ni kudanganya, *gul khordan* ni kudanganyika. Aliyedanganya haletwi kwa *az*, anaungwa kwenye nomino yenyewe, na nyuma yake inakuja *râ*, alama ya yambwa: *gul-e harfhâyash râ khordam*. Mtu aliyezoea kwamba *râ* huonyesha anayetendwa ataandika "niliyadanganya maneno yake" au upuuzi wa aina hiyo. Soma kitenzi chepesi kwanza: *khordam*, mimi ndiye niliyepatwa. Kwa hiyo: nilidanganyika kwa maneno yake, au, ukitaka kumweka yeye mbele, alinidanganya kwa maneno yake. Zote mbili ni sahihi. Ya kwanza inalaumu wepesi wa msemaji, ya pili inamlaumu mwenzake, na hapo mazungumzo yaliyotangulia ndiyo yatakayoamua.

Dalili: kitenzi ni sahihi lakini mwisho wake unasema uongo

Jozi ya *kardan* na *shodan* huonekana rahisi. *Bidâr kardan* kuamsha, *bidâr shodan* kuamka. *Jam' kardan* kukusanya, *jam' shodan* kukusanyika. *Pâre kardan* kuchana, *pâre shodan* kuchanika. Baada ya mifano kumi ya namna hii mtu huamua kwamba *shodan* ni -ika, na hapo ndipo taabu inapoanza.

Kiajemi hakitenganishi jambo lililojitokea na jambo lililofanywa na mtu asiyetajwa. Kiswahili kinatenganisha. *Dar bâz shod*: kama ni upepo, mlango ulifunguka. *Maghâze sâ'at-e noh bâz mishavad*: duka hufunguliwa saa tatu, kwa sababu kuna mtu mwenye ufunguo. Kiajemi kimetumia *bâz shodan* mara zote mbili. Ukiona *tavassot-e*, yaani kwa mkono wa fulani, huna la kuchagua tena, ni -wa: *in ketâb tavassot-e u tarjome shod*, kitabu hiki kilitafsiriwa naye. Bila alama hiyo jiulize tu kama tendo lenyewe linaweza kutokea bila mtu.

Kuna sababu ya pili ya kutoiamini -ika. Kwa vitenzi vingi, -ika kwetu inamaanisha uwezekano: chakula kinalika, maandishi yanasomeka. *Mâshin ta'mir shod* ni "gari lilitengenezwa". Ukiandika "gari lilitengenezeka", umeongeza habari ambayo Kiajemi hakikuitoa, kwamba kulikuwa na shaka kama gari lingekubali. Katika ukanushi tofauti ni kubwa zaidi. *Mâshin ta'mir nashod* yaweza kuwa fundi hakuja, na yaweza kuwa fundi alikuja akashindwa. "Halikutengenezwa" inaacha milango yote miwili wazi kama ilivyo asili. "Halikutengenezeka" inafunga mmoja. Pasipo ushahidi mwingine, mimi huchukua -wa.

Na usidhani *kardan* daima ina mtendwa. *Barnâme râ taghyir dâd* ni "alibadilisha ratiba", na *havâ taghyir kard* ni "hali ya hewa ilibadilika". Kwa nomino hii *dâdan* ndiyo yenye kusababisha, na *kardan* ndiyo ya kujitokea. Tafsiri ikisema "hali ya hewa ilibadilisha" halafu ikasimama, angalia kama kuna *râ* au jina lolote la kitu mbele ya kitenzi. Kama hakuna, mwisho wako unapaswa kuwa -ika.

Dalili: kamusi haikioni kitenzi

Pande mbili za kitenzi hiki hazishikani kwa gundi. Viambishi vya wakati na ukanushi huingia katikati (*kâr nemikonam*, sifanyi kazi), na wakati ujao wa maandishi huingiza neno zima: *safar khâham kard*, nitasafiri. Hata kiwakilishi cha mtu huweza kung'ang'ania nomino: *dustat dâram* ni "nakupenda", ambapo *-at* ni "wewe", na *yâdam dâd* ni "alinifundisha". Mbaya kuliko hizo ni *yâdam raft*. Kwa neno na neno ni "kumbukumbu yangu ilienda"; maana ni "nilisahau". Kitenzi kiko katika nafsi ya tatu, lakini aliyesahau ni mimi, na ushahidi wa pekee ni ile *-am* kwenye nomino. Anayetafuta mtenda kwenye mwisho wa kitenzi, kama alivyofundishwa, ataandika "alisahau".

Kivumishi nacho hukaa juu ya nomino. *Kotak-e mofassali khord*: *kotak* ni kipigo, *mofassal* ni -refu, -a kina. Ukishapunguza kuwa kitenzi kimoja, "alipigwa", nomino imetoweka na kivumishi hakina pa kukaa. Kigeuze kielezi: alipigwa sana, alipigwa barabara. Vivyo hivyo *tasmim-e bozorgi gereft*. *Tasmim gereftan* ni kuamua, na ule ukubwa utabidi upewe nomino nyingine, "aliamua jambo kubwa". Ukiona kivumishi kimepotea katika tafsiri, mara nyingi ni hapa kilipoangukia.

Dalili: maneno yaleyale, maana mbili

*Be barâdaram zang zadam* ni "nilimpigia kaka yangu simu". *Dar zang zad* ni "mlango umeshika kutu". *Zang* ni kengele na *zang* ni kutu. Mtenda akiwa ni chuma, ni kutu. Akiwa ni mtu, na kuna *be*, ni simu. *Dast zadan* huamuliwa na *be* hiyohiyo: *mardom dast zadand*, watu walipiga makofi; *be divâr dast nazan*, usiguse ukuta.

Wakati ambapo kitenzi kimoja ni kosa

Kuna mtu ataisoma njia hii na kuanza kuyaondoa maneno mawili kila mahali. Asifanye hivyo. *Mesvâk zadan* ni kupiga mswaki, *otu zadan* ni kupiga pasi, *sigâr keshidan* ni kuvuta sigara, *âtash gereftan* ni kushika moto. Kiswahili kimefuata njia ileile, na "kusugua meno" au "kunyoosha nguo" ingepunguza usahihi bila faida. Kipimo ni kama msemaji wa Kiswahili angeyasema maneno hayo mawili bila kuona Kiajemi. "Piga pasi" angesema. "Chukua uamuzi", ijapokuwa siku hizi inasikika redioni, nafasi yake tayari ina "amua".

Kifungu kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho

Hiki nimekitunga ili kikusanye yaliyotangulia:

*Maryam emtehân dâd va rad shod. Vaghti be mâdarash zang zad, mâdar ghosse khord vali goft: "Ghosse nakhor, dobâre emtehân bede." Nâgahân telefon ghat' shod.*

Tafsiri ya haraka: "Maryam alitoa mtihani akapita. Alipompigia mama yake kengele, mama alikula huzuni lakini akasema: Usile huzuni, toa mtihani tena. Ghafla simu ilikatwa."

*Emtehân dâd* tumeshaijua: alifanya mtihani. *Rad shod* ndiyo iliyoharibu kila kitu. *Az khiyâbân rad shod* ni "alivuka barabara", alipita upande wa pili, na kamusi nyingi huanza na maana hiyo. Lakini *rad* pia ni kukataliwa, na aliyekataliwa na mtihani amefeli. Aliyefaulu ni *ghabul shod*, amekubaliwa. Kwetu "kupita mtihani" ni kufaulu, kwa hiyo neno la kamusi limegeuza matokeo ya Maryam. Kilichopaswa kumshtua mfasiri ni sentensi inayofuata: mama wa mtoto aliyefaulu anahuzunikia nini, na kwa nini amtume arudie?

*Zang zad* ina *be* na mtu: alimpigia simu. Kwa *ghosse khordan* tuna huzunika, sikitika na sononeka. Sononeka ni ya muda mrefu, ya mtu anayekonda, nayo ni nzito kwa habari ya dakika moja. Sikitika hubeba pia kumwonea mtu mwingine huruma, na hilo lingefaa kwa mama lakini si kwa binti anayeambiwa asihuzunike kwa ajili yake mwenyewe. Kwa kuwa Kiajemi kimerudia kitenzi kilekile makusudi, mama akikataza jambo analolifanya yeye, chagua kitenzi kinachoweza kusimama mahali pote pawili. Kinabaki huzunika.

*Ghat' shod* ni *shodan* bila mtu nyuma yake. Simu ilikatika. "Ilikatwa" ingemfanya msomaji adhani mama amekasirika na kuiweka chini, au shirika la simu limedai deni.

Maryam alifanya mtihani akafeli. Alipompigia mama yake simu, mama alihuzunika, lakini akamwambia, "Usihuzunike, fanya mtihani tena." Ghafla simu ikakatika.

Kuna aina moja ya vitenzi ambayo njia hii haiisaidii, nayo ni ile ya adabu. *Arz kardan* na *goftan* zote ni kusema, na *meyl kardan* na *khordan* zote ni kula. Mtu husema *arz kardam* juu ya maneno yake mwenyewe akijishusha mbele ya msikilizaji, na humwambia mgeni *meyl konid* akimpandisha. Mzizi ni "sema" na "kula", na mwisho hauna la kuongeza. Tofauti yote iko katika cheo cha wanaoongea. Kiswahili hakina kitenzi cha pili cha kula kwa ajili ya mgeni, kwa hiyo heshima itabidi ihamie kwingine: *meyl konid* inakuwa "karibuni chakula", na *arz kardam khedmatetân*, mbele ya mzee, inakuwa "kama nilivyokueleza, shikamoo yako mzee" kwa mfasiri aliyezidisha, na "nilikueleza, mzee wangu" kwa aliyejua pa kuishia.